Vipimo 57 Visivyohesabiwa

Tuseme umemuuliza kondakta wa daladala safari ya kutoka Kimara mpaka Kariakoo huchukua muda gani asubuhi, naye akakujibu: "Dakika arobaini mpaka saa nzima." Amekupa namba mbili, ndogo kabisa na kubwa kabisa anazozikumbuka. Ukitoa moja kwenye nyingine unabaki na dakika 20. Katika takwimu, tofauti hiyo kati ya kilicho kikubwa kabisa na kilicho kidogo kabisa huitwa upana.

Upana unapendwa kwa sababu mtu hahitaji kalamu wala kikokotoo kuupata. Ndiyo maana tunausikia kila mahali: bei ya tenga la nyanya kati ya shilingi kadhaa na kadhaa, joto la leo kati ya nyuzi fulani na fulani. Lakini abiria anayetakiwa kuwa kazini saa 2 kamili hajapata bado anachokitafuta. Yeye anataka kujua kama safari yake ya kila siku inatabirika au inayumba. Dakika 20 za kondakta hazimwambii hilo.

Chukua njia mbili za daladala ambazo nimezibuni kwa ajili ya hesabu hii. Kila njia imepimwa kwa siku kumi, na dakika za safari nimezipanga kuanzia ndogo. Njia ya kwanza: 40, 49, 50, 50, 50, 50, 50, 50, 51, 60. Njia ya pili: 40, 41, 42, 45, 48, 52, 55, 58, 59, 60. Ukijumlisha kila safu unapata 500, kwa hiyo wastani wa kila njia ni dakika 50. Upana nao ni ule ule, 60 kutoa 40, yaani dakika 20. Mtu akikuletea ripoti yenye wastani na upana peke yake, utaapa kwamba njia hizi ni pacha.

Sivyo. Katika njia ya kwanza, siku nane kati ya kumi safari imechukua dakika 49, 50 au 51. Siku mbili tu ndizo zilizotoka nje ya mstari, moja barabara ikiwa nyeupe na nyingine pengine kukiwa na lori limeharibika. Katika njia ya pili hakuna hata siku moja iliyofika 50 barabara. Kila asubuhi ni bahati nasibu. Abiria wa njia ya kwanza anaweza kutoka nyumbani saa 1 na dakika 5 akiwa na amani moyoni. Wa pili akitoka muda huo huo, kila baada ya siku chache atafika mlango umeshafungwa. Upana umetazama ncha mbili za safu na kuruka namba nane zilizo katikati, na tofauti yote ya njia hizi imo ndani ya hizo nane.

Kinachotakiwa ni namba itakayomsikiliza kila mmoja katika safu, na iliyo rahisi kuliko zote za aina hiyo ni wastani wa mikengeuko. Hatua zake ni tatu. Kwanza unatafuta wastani wa kawaida, ambao hapa ni 50. Pili, kwa kila siku unauliza safari iliachana na wastani huo kwa dakika ngapi, bila kujali kama ilikuwa juu au chini. Safari ya dakika 40 imeachana kwa 10, ya 49 kwa 1, ya 60 kwa 10. Tatu, unatafuta wastani wa hizo tofauti.

Kwa njia ya kwanza tofauti ni 10, 1, sifuri sita, 1 na 10. Jumla ni 22, ukigawa kwa siku kumi unapata 2.2. Kwa njia ya pili ni 10, 9, 8, 5, 2, 2, 5, 8, 9 na 10. Jumla ni 68, na ukigawa unapata 6.8. Sasa ripoti inasema jambo. Siku kwa siku, njia ya kwanza hupotoka kutoka wastani wake kwa dakika mbili na ushee, na njia ya pili kwa karibu dakika saba. Kuyumba kwa njia ya pili ni mara tatu ya njia ya kwanza, ingawa upana wao ni mmoja.

Hatua ya pili ndiyo inayowasumbua wanafunzi wengi, na inafaa kuielewa badala ya kuikariri. Kwa nini tunatupa alama ya kutoa? Kwa sababu tukiiacha, hesabu yote inajifuta. Safari ya dakika 40 itaandikwa kutoa 10, ya 60 kujumlisha 10, na mbili hizo zitauana. Jumla ya mikengeuko yenye alama zake huwa sifuri siku zote, kwa safu yoyote duniani, maana wastani ndiyo namba ambayo mapungufu ya upande mmoja yanalingana na maziada ya upande wa pili. Swali letu ni umbali, na umbali hauna kutoa.

Hadi hapa nimetumia namba za kubuni. Zipo namba za kweli zinazoonyesha udhaifu wa upana kwa uwazi zaidi, nazo zilipatikana mjini Washington mwaka 1882.

Simon Newcomb, mwanaastronomia aliyezaliwa Nova Scotia, Kanada, alikuwa anapima kasi ya mwanga. Kutoka Fort Myer, upande wa pili wa Mto Potomac, alirusha mwanga kwa kioo kinachozunguka kwa kasi mpaka kwenye kioo kilichosimamishwa chini ya Mnara wa Washington, kisha akapima muda wa mwanga huo kwenda na kurudi. Safari nzima ilikuwa ya kilomita saba na nusu hivi, na mwanga uliimaliza katika sekunde 0.0000248 na kidogo. Hicho "kidogo" ndicho kilichokuwa kinabadilika kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Ili kurahisisha kuandika, wanatakwimu huondoa sehemu isiyobadilika na kubakisha mabaki yaliyohesabiwa kwa sehemu za bilioni za sekunde. Kwa hiyo kipimo cha sekunde 0.000024828 huandikwa 28 tu.

Kati ya Julai na Septemba mwaka ule alifanya vipimo 66, na vimekuwa mfano wa darasani mpaka leo. Kumi vya mwanzo, kwa mpangilio wake, ni hivi: 28, 26, 33, 24, 34, kutoa 44, 27, 16, 40, kutoa 2. Vingine 56 vyote viko kati ya 16 na 39, vingi vikiwa kwenye ishirini na kitu au thelathini na kitu.

Fuata upana unavyokua. Baada ya vipimo vitano, kubwa ni 34 na ndogo ni 24, kwa hiyo upana ni 10. Kinaingia kipimo cha sita, kutoa 44, na upana unaruka mpaka 78 kwa mara moja. Kipimo cha tisa, 40, kinausogeza hadi 84. Baada ya hapo hakuna kitu. Newcomb anaendelea kupima wiki baada ya wiki, vipimo 57 zaidi, na upana unabaki 84 mpaka siku ya mwisho. Kazi yote hiyo, iliyoonyesha tena na tena kwamba vipimo vyake vinakaa karibu karibu, haikubadilisha upana hata kwa alama moja. Isingeweza. Upana ukishatanuka haurudi. Kila data mpya ama huutanua ama huuacha ulivyo.

Wastani wa mikengeuko hauna ugonjwa huo. Kwa vipimo kumi vya kwanza wastani ni 18.2, na wastani wa mikengeuko ni 16.9, namba kubwa inayostahili, kwa sababu wakati huo hatuna ushahidi mwingine ila hivyo kumi, na viwili kati yake ni vya ajabu. Kwa vipimo vyote 66 wastani ni 26.2, na wastani wa mikengeuko umeshuka mpaka 5.4. Ushahidi ulipoongezeka, namba ilijirekebisha. Nadhani hii ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote: inakubali kushawishiwa na vingi.

Mwenye kompyuta anaweza kuhakiki mwenyewe. Vipimo vikiwa kwenye safu A ya Excel, kanuni mbili zinatosha, ya kwanza ikitoa upana na ya pili wastani wa mikengeuko:

```
=MAX(A1:A66)-MIN(A1:A66)
=AVEDEV(A1:A66)
```

Sasa ondoa vile viwili vya ajabu, kutoa 44 na kutoa 2, uone kila namba inavyoitikia. Upana unaanguka kutoka 84 hadi 24, umepoteza zaidi ya theluthi mbili. Wastani wa mikengeuko unashuka kutoka 5.4 hadi 3.9, yaani umepoteza robo na kidogo. Namba inayoporomoka kiasi hicho kwa sababu ya kufuta mistari miwili kwenye daftari la mistari 66 ilikuwa haielezi daftari. Ilikuwa inaeleza mistari miwili.

Wastani wa mikengeuko nao si malaika. Katika jumla ya mikengeuko yote 66, ile miwili peke yake inachangia zaidi ya robo. Kama vipimo vingekuwa kumi tu, kama tulivyoona, vingeutawala kabisa. Ni kipimo kinachotikiswa na namba za ajabu, ila kinatikiswa kwa kadiri ya idadi yake katika kundi. Ukiona wastani wa mikengeuko ni mkubwa, panga namba zako kuanzia ndogo hadi kubwa uangalie kwa macho: je, wote wanayumba, au wengi wametulia na mmoja kaharibu? Hesabu haitakufanyia kazi hiyo.

Kuna jambo la pili kuhusu upana ambalo hudanganya hata watu waangalifu, kwa sababu halihitaji namba ya ajabu. Upana hukua kwa sababu tu umepima zaidi. Mwaka 1925 Mwingereza L. H. C. Tippett, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa pamba mjini Manchester, alichapisha hesabu ya jambo hili kwa namba zinazotawanyika kwa umbo lile la kengele ambalo hujitokeza kwenye urefu wa watu na makosa ya vipimo. Kutokana na hesabu za aina hiyo tunajua kwamba ukichukua sampuli ya 100 badala ya 10 kutoka chanzo kile kile, utegemee upana wa mara 1.6 hivi. Ukichukua 1,000, utegemee zaidi ya mara mbili. Chanzo hakijabadilika hata kidogo. Umejipa nafasi nyingi zaidi za kukutana na mrefu sana na mfupi sana, basi.

Matokeo yake ni ya kila siku. Shule yenye watahiniwa 300 karibu siku zote itaonyesha upana mkubwa wa alama kuliko shule yenye watahiniwa 20, hata kama walimu wanafundisha sawa na wanafunzi wanafanana. Mwandishi wa habari akiandika kwamba shule kubwa ina "pengo kubwa" kati ya wanafunzi wake, huenda amegundua ukubwa wa shule tu. Vivyo hivyo kwa mvua: kituo chenye kumbukumbu za miaka 80 kitakuwa kimeshuhudia mwaka mkavu kuliko yote na mwaka wa mafuriko, na kituo cha miaka 10 pengine bado. Kulinganisha upana wa vituo hivyo viwili ni kulinganisha umri wao. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha upana wowote, uliza idadi. Kama idadi hazikaribiani, achana na upana.

Swali hilo la idadi ndilo linalotuonyesha pia mahali ambapo upana unafaa. Walter Shewhart, mhandisi wa kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani, alianzisha mwaka 1924 chati za kudhibiti ubora viwandani. Katika chati za jamii hiyo, mfanyakazi huchukua bidhaa chache, kwa kawaida nne au tano, kila baada ya muda, anazipima, na kuandika wastani na upana wa kila kifungu. Hapo idadi ni ile ile kila mara, na ni ndogo. Kwa vitu vitano, ncha mbili tayari ni sehemu kubwa ya habari yote, na mtu aliyesimama kando ya mashine anaweza kutoa moja kwenye nyingine kichwani. Upana ukipanda ghafla kati ya saa 4 na saa 5, kuna kitu kimelegea. Ni matumizi mazuri kabisa, na yamedumu karibu miaka mia.

Kuna mahali pengine ambapo ncha ndizo zenye uzito kuliko wengi wa katikati. Chanjo nyingi huhifadhiwa katika jokofu lenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na baadhi yake, kama ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda, huharibika zikiganda. Tuseme muuguzi ameandika joto kila saa kwa siku nzima: saa 23 jokofu lilikuwa nyuzi 5, na saa moja ya usiku wa manane likashuka hadi nyuzi 1 chini ya sifuri. Wastani ni 4.75, umekaa vizuri katikati ya mipaka. Wastani wa mikengeuko ni karibu nusu nyuzi, ishara ya jokofu tulivu. Namba zote mbili zinasifu jokofu ambalo huenda limeharibu dawa. Hapa kusikiliza wengi ni kosa, kwa kuwa saa moja ya barafu hairekebishwi na saa 23 za usalama.

Lakini angalia vizuri, hata upana hapa haukuokoi. Kutoka kutoa 1 hadi 5 ni nyuzi 6. Kutoka 2 hadi 8, mipaka iliyoruhusiwa, ni nyuzi 6 vile vile. Jokofu lililogandisha chanjo na jokofu lililotembea kote ndani ya mipaka yake yana upana mmoja. Kinachomsaidia muuguzi ni kuziona namba mbili zenyewe, ya chini na ya juu, kabla hazijatolewa. Tendo la kutoa ndilo linalofuta habari. Ndiyo maana kipimajoto cha jokofu la chanjo kinachoonyesha joto la chini kabisa na la juu kabisa kina maana, na ndiyo maana hata kwenye ripoti ya kawaida ningependelea kuandika "kati ya 40 na 60" kuliko "upana 20". Maneno ni machache vile vile na msomaji anajua zaidi.

Aliyesoma takwimu sekondari atauliza mkengeuko sanifu uko wapi, ule unaokwenda kwa kuzidisha kila tofauti kwa yenyewe na kumalizia na kipeuo cha pili. Wakubwa walibishana juu ya hilo. Mwaka 1914 mwanaastronomia Arthur Eddington aliandika kwamba kwa kazi za vitendo wastani wa mikengeuko ni bora. Mwaka 1920 Ronald Fisher alionyesha kwamba kwa namba zinazofuata kikamilifu umbo la kengele, mkengeuko sanifu hutumia data vizuri zaidi, na vitabu vikafuata njia yake. Miaka 40 baadaye John Tukey alionyesha kwamba ikiwa hata vipimo viwili katika elfu moja vimechafuka, ubora huo unatoweka. Sababu inaonekana kwa Newcomb: kuzidisha tofauti kwa yenyewe humpa wa ajabu sauti kubwa kupita kiasi. Mkengeuko sanifu wa vipimo vyake 66 ni karibu 10.7, na ukiondoa vile viwili unabaki karibu 5.1, chini ya nusu. Wastani wa mikengeuko ulipoteza robo tu. Kwa mtu anayefuatilia matumizi ya nyumba, mauzo ya duka au muda wa safari, ambako uchafu wa namba ni jambo la kawaida, naona Eddington alikuwa na haki.

Newcomb mwenyewe alifanyaje? Alikitupa kipimo cha kutoa 44, akakibakiza cha kutoa 2, na kupata wastani wa 27.3. Tukitumia kasi ya mwanga inayokubaliwa leo, jibu sahihi kwa kipimo chake lingekuwa 33. Wastani wa vyote ni 26.2, wake ni 27.3, na wa waliobaki baada ya kuondoa viwili ni 27.75. Kila njia inaanguka chini ya 33, na hata ile ya mwisho imepungukiwa kwa zaidi ya wastani wake wa mikengeuko, ule wa 3.9. Kitu fulani katika mtambo au katika njia yake kilikuwa kinavuta vipimo vyote upande mmoja, na mtawanyiko, uupime kwa namba yoyote, hauna uwezo wa kukiona kitu hicho: unasema vipimo vinakubaliana kiasi gani vyenyewe kwa vyenyewe.